Waliosimama Mstarini

Asubuhi moja ya mwaka 1986, katika shule ya sekondari ya bweni niliyokuwa nikiiongoza, niliwachapa viboko wavulana wawili wa kidato cha tatu mbele ya wenzao wote. Kosa lao lilikuwa kutoroka bwenini usiku na kwenda dansi mjini. Sikuwa na hasira. Nilifanya kazi ile kwa utulivu, kwa imani niliyoirithi kwa walimu wangu kwamba adhabu ya hadharani huwafunza wengi kwa maumivu ya wachache.

Kabla ya kuchapa nilisoma kosa kwa ukamilifu wake, ili pasiwe na mtu wa kusema wameonewa. Nikaeleza jinsi walivyoviringisha mablanketi na kuyafunika shuka, ili mwalimu wa zamu akipitisha tochi adhani mtu amelala. Nikaeleza walivyopita nyuma ya jiko, mahali ambapo ua ulikuwa umeinama, na walivyorudi saa kumi alfajiri, wakati mlinzi alipokuwa akiota moto jikoni. Wanafunzi walisikiliza kwa makini ambayo sikupata kuyaona katika somo langu la historia.

Kwa muda wa wiki tatu hivi shule ilitulia, nami nikajipongeza. Wiki ya nne mwalimu wa zamu aliinua shuka katika bweni moja akakuta vitanda vitano vimelaliwa na mablanketi. Katika watano wale hapakuwa na rafiki hata mmoja wa wale wawili wa kwanza, na wawili kati yao walikuwa wageni wa kidato cha kwanza. Walikuwa wamepita nyuma ya jiko. Niliwauliza ni nani aliyewaonyesha njia. Wakanyamaza, wakitazamana. Leo naelewa kwamba walikuwa wakinionea haya kunijibu.

Jambo la pili lilitokea muhula uleule. Mwalimu mmoja alimkuta kiranja wa bweni, kijana wa miaka 17, akimwadhibu mtoto wa kidato cha kwanza nyuma ya mabafu. Uonevu wa wakubwa kwa wadogo ulikuwapo shuleni tangu kabla sijafika, hivyo si huo ulionishtua. Kilichonishtua ni utaratibu. Yule mdogo alitakiwa ahesabu mwenyewe kila kiboko kwa sauti. Akikosea hesabu, alianza upya. Mwisho alitakiwa ampe mkono aliyemchapa na kumshukuru. Huo ulikuwa utaratibu wangu, na hapakuwa na mwalimu mwingine pale aliyeufuata. Na kiranja yule sikupata kumchapa hata siku moja, kwa kuwa alikuwa mtiifu kupita wote. Alikuwa amesimama tu mstarini, akitazama.

Tangu hapo swali moja limekuwa likinirudia. Mtu anapofanya jambo mbele ya vijana, bila kuwaambia walifanye, tena pengine akiwakataza, na baadaye kijana akalifanya, je, kuna sehemu ya tendo lile iliyo ya yule aliyetazamwa? Na kama ipo, ni kubwa kiasi gani? Wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini mimi sikumlea kijana yule. Alinitazama, basi.

Nilipohamia chuo cha ualimu na kupewa somo la saikolojia nilikutana na maandishi ya Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani hadi uzee wake, akafariki mwaka 2021. Wengi waliopita vyuo vya ualimu wanamjua kwa habari ya mwanasesere. Mwaka 1961 yeye na wenzake walichukua watoto 72 wa shule ya awali, wakawaingiza wengi wao, mmoja mmoja, chumbani alimokuwamo mtu mzima. Kwa baadhi ya watoto mtu mzima yule alicheza kwa upole. Kwa wengine alimgeukia mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, akamkalia, akampiga ngumi puani, akamgonga kichwani kwa nyundo ya mti, akamrusha na kumpiga mateke. Mtoto alikaa pembeni akitazama. Baadaye alipelekwa chumba kingine, na waliokuwa wameona kipigo wakapiga zaidi ya wenzao. Wengi wao walirudia matendo yaleyale na hata maneno yaleyale waliyoyasikia.

Watu wengi huishia hapo, wakasema: basi, mtoto huiga. Lakini hilo hata bibi yangu alilijua bila kwenda Stanford. Jaribio lenye kumhusu mwalimu ni la mwaka 1965, nalo halitajwi sana. Safari hii watoto 66 walionyeshwa filamu fupi ya mtu mzima akimpiga mwanasesere kwa namna ambazo si rahisi mtoto kuzibuni mwenyewe. Filamu ilikuwa na miisho mitatu. Kundi moja liliona mpigaji akisifiwa, akipewa peremende na soda. Kundi la pili liliona mpigaji akikemewa na kuchapwa kwa jarida lililokunjwa. Kundi la tatu liliona filamu ikiisha bila sifa wala adhabu.

Kisha kila mtoto aliachwa peke yake na mwanasesere, huku akitazamwa kwa siri. Matokeo yalikuwa kama ambavyo mwalimu mkuu yeyote angetabiri: walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wengine, wasichana hasa. Jaribio lingeishia pale, mimi na fimbo yangu tungekuwa tumeshinda kesi. Lakini Bandura aliendelea. Akarudi kwa watoto walewale, wa makundi yote matatu, akawaambia kwamba kila atakayeweza kuonyesha alichokiona kwenye filamu atapewa maji ya matunda na picha nzuri za kubandika. Hapo tofauti baina ya makundi ikatoweka. Walioona adhabu walikuwa wamejifunza matendo yale sawasawa na walioona tuzo. Hata pengo baina ya wasichana na wavulana karibu lote likafutika.

Naomba msomaji aitulie nukta hii. Adhabu ya hadharani haikuwazuia watoto wasijifunze. Iliwazuia wasitende, pale, kwa wakati ule, maadamu waliona hasara ya kutenda ni kubwa kuliko faida. Somo lenyewe lilikuwa limekwisha kuingia. Kujifunza ni jambo moja na kutenda ni jingine, na kati ya hayo mawili yaweza kupita dakika kumi au miaka ishirini. Wiki zangu tatu za utulivu hazikuwa ushahidi kwamba vijana hawakujifunza kutoroka. Walikuwa wamejifunza vizuri sana, wakisubiri usiku ambao mwalimu wa zamu ni mzembe.

Kuna jambo jingine ndani ya jaribio lile. Mtu aliyemwadhibu mpigaji kwenye filamu naye alipiga. Mtoto aliyekuwa akitazama aliona watu wawili wakipiga: mmoja akapatilizwa, na mwingine, aliyekuwa na jarida mkononi, akaondoka bila kuulizwa neno na mtu. Nilipoisoma habari hii nilikumbuka mstari wangu wa asubuhi. Mimi nilidhani vijana 400 walikuwa wakiwatazama wale wawili walioinama. Kumbe alikuwapo mtu mwingine wa kutazamwa, aliyesimama wima, mwenye suti ya Kaunda na fimbo, ambaye hapakuwa na wa kumwadhibu.

Bandura alieleza kwamba anayejifunza kwa kutazama hupita hatua nne. Kwanza huangalia kwa makini, kisha huhifadhi alichokiona, kisha huwa na uwezo wa kukirudia kwa viungo vyake, na mwisho hupata sababu ya kukitenda. Nikimpitisha kiranja wangu katika hatua hizi naona nilivyomsaidia kwa kila moja. Makini alikuwa nayo, kwa kuwa mwenye madaraka hutazamwa kuliko mtu mwingine yeyote, na kijana anayetamani madaraka humtazama hata anavyokunja mikono ya shati. Kuhifadhi nilimrahisishia mwenyewe, kwani utaratibu wa kuhesabu na kushukuru hukaa kichwani kama wimbo. Uwezo wa mkono alikuwa nao. Ilibaki sababu, nayo nilimpa siku nilipomteua kiranja, nikamwambia mbele ya wote kwamba nataka bweni lenye adabu. Sikumwambia achape. Nilimwambia anachotakiwa kuleta, na njia alikwisha iona.

Kwa nini nasema habari za vijana hasa, wakati watoto wa Bandura walikuwa wa miaka mitatu hadi sita hivi? Kwa sababu kijana hamtazami kila mtu. Mtoto mdogo humwiga aliye mbele yake, lakini kijana huchagua. Humtafuta mtu anayefanana na yule anayetaka kuwa, akampima kwa jambo moja kuu: je, mtu huyu akifanya hivi hupata nini? Akiona mwalimu mpole hasikilizwi na mwalimu mkali anapishwa njia, hataiga upole, hata ukimsomea uraia mwaka mzima.

Bandura mwenyewe aliianza kazi hii kwa vijana, kabla ya mwanasesere. Mwaka 1959, pamoja na mwanafunzi wake Richard Walters, alitoa kitabu juu ya wavulana wenye ukali wa kupindukia waliotoka katika nyumba zisizo na dhiki wala fujo. Swali lao lilikuwa: ukali huu umetoka wapi? Wakaona kwamba wazazi wengi wa wavulana wale hawakuvumilia hata kidogo kijana awe mkali kwao nyumbani, walimwadhibu vikali, lakini walimtaka aoneshe ubabe kwa wenzake na kumaliza ugomvi kwa ngumi, na shule ikilalamika walisimama upande wake. Nyumbani kijana alikatazwa ukali kwa njia ya ukali. Neno na tendo vilipogongana, kijana alifuata tendo.

Halafu kuna wenzake. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu wa rika tatu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, ambamo mchezaji huamua asimame au aendelee taa inapobadilika. Kila mmoja akiwa peke yake, vijana wa miaka 13 hadi 16 hawakutofautiana sana na watu wazima. Walipowekwa pamoja na wenzao, vijana wale walithubutu hatari mara nyingi zaidi, na watu wazima hawakubadilika. Nalisoma jaribio hili pamoja na lile la 1965. Wenzake kijana huwa ndio yale maji ya matunda. Si lazima wamfundishe jambo jipya. Wanampa sababu ya kulitoa lile alilolihifadhi siku nyingi, na mzazi anayelalamika kwamba mwanawe ameharibiwa na makundi huenda anaona bidhaa ya nyumbani kwake ikiuzwa sokoni.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mambo haya yamekwisha kupimwa yakaisha. Mwanasesere si mtu. Ametengenezwa aanguke na kuinuka, na mtoto akimpiga yawezekana anacheza tu. Wakosoaji walilisema hilo mapema, nao wana haki. Tena kupiga dakika chache baada ya filamu hakutuambii mtoto atakuwa mtu gani. Na katika mstari wangu wa asubuhi walisimama vijana 400, wala hawakutoka viranja 400 wenye fimbo. Namkumbuka mmoja aliyekuwa akigeuza uso kila nilipoinua mkono. Nilimkemea kwa hilo. Baadaye akawa tabibu. Aliona nilichofanya, akakihifadhi, akakitumia kama alama ya mahali pasipopitika. Kwa hiyo anayetazama si udongo wa mfinyanzi. Anapima, na wengine hupima vizuri kuliko anayetazamwa.

Hapo ndipo swali langu linapokuwa gumu. Kama mmoja aliiga na mwingine akakataa, mtu aweza kusema kosa lote ni la aliyeiga. Nimejaribu kulikubali jibu hilo kwa kuwa linanifaa, nikashindwa. Nafikiri sehemu yangu inafanana na ya mtu aliyechimba kisima akakiacha wazi njiani. Aliyetumbukia alikwenda kwa miguu yake, tena wengine walikiona wakakizunguka. Lakini kisima hakikujichimba. Mkono uliompiga mtoto nyuma ya mabafu ulikuwa wa kiranja, nalo kosa ni lake; namna ya kupiga ilikuwa yangu, na sidhani kama sehemu hiyo hupungua kwa sababu wengine hawakuichukua. Haipungui pia kwa sababu sikukusudia. Mwalimu hulipwa mshahara kwa kujua kwamba anatazamwa.

Chuoni niliuona uzito wa jambo hili kwa wingi. Mwanasosholojia wa Marekani aitwaye Dan Lortie aliandika mwaka 1975 kwamba mtu anapomaliza sekondari amekwisha kukaa mbele ya walimu kwa saa zipatazo 13,000. Huo ni uanagenzi mrefu kuliko wa seremala, ila una kasoro moja: mwanagenzi huona kazi upande wa mbele tu. Anaona mwalimu akichapa. Haoni mwalimu akijuta usiku. Anaona darasa limenyamaza, haoni kwamba limeacha kuuliza. Sisi wakufunzi tulikuwa na miaka miwili ya kushindana na saa hizo 13,000, na sehemu kubwa ya miaka hiyo tuliitumia kutoa maelezo ya mdomo.

Kila mwaka nilikwenda kuwakagua walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Katika mtihani walikuwa wamejibu vizuri. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, zikataka kichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Haya yote waliyajua kwa moyo. Kisha namkuta kijana yuleyule, siku ya tatu darasani, watoto 90 wanapiga kelele, mvua inagonga bati, na kwa ghafla mkono wake unaokota fimbo. Nikimuuliza jioni, hujibu kwa mshangao wa kweli kwamba hajui ilikuwaje. Mimi najua ilikuwaje. Alipobanwa, alichota ghalani, na maelezo yangu hayakuwa yamefika ghalani.

Baada ya miaka kadhaa nilibadilisha jambo moja tu. Niliacha kufundisha utulivu wa darasa kwa mihadhara, nikaomba darasa kubwa la shule ya jirani, nikalifundisha mimi mwenyewe huku walimu wanafunzi wamekaa nyuma. Mara ya kwanza lilinishinda. Watoto walipiga kelele, nikasimama kimya muda mrefu mno, nikakosea jina la mtoto, nikaomba radhi, nikaanza upya kwa sauti ya chini na kazi fupi ya kuandika. Niliona aibu. Lakini jioni ile walimu wanafunzi waliuliza maswali ambayo hawakupata kuniuliza: ulifikiri nini uliposimama kimya? Kwa nini hukumtoa nje yule wa dirishani? Walikuwa wameona kazi upande wa nyuma. Watafiti wameona pia kwamba anayejifunza jambo gumu, akiwa na mashaka na uwezo wake, mara nyingi hufaidika zaidi kumtazama mtu anayehangaika hadi akafaulu kuliko bingwa asiyekosea. Sisemi wote walibadilika. Wachache walibadilika, na niliwajua kwa alama moja: darasa lilipowashinda walianza kwa kunyamaza, kama nilivyonyamaza mimi.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtembelea kiranja wangu wa zamani. Siku hizi naye ni mwalimu mkuu, kichwa kimejaa mvi. Alinipokea kwa shikamoo ya kuinama, akaagiza chai, akawaita walimu wake waje wamwone mzee aliyemlea. Tulipobaki wawili nilimwambia nilichokuja kumwambia: kwamba nakumbuka habari ya nyuma ya mabafu, kwamba utaratibu ule aliutoa kwangu, na kwamba namwomba radhi.

Alinitazama kwa muda kama mtu asiyesikia vizuri. "Radhi ya nini, Mwalimu?" akasema. "Bila fimbo ile mimi ningekuwa wapi leo?"

Nikamkumbusha kwamba fimbo ile haikupata kumgusa.

Akacheka. Akasema kweli, hajapata kulifikiria hilo, akamimina chai nyingine. Mlango ukagongwa, mvulana wa kidato cha kwanza hivi akaingia na daftari la mahudhurio mkononi. Hakuna aliyemwambia neno. Alimwona mwalimu mkuu, akamwona mgeni, akapiga magoti sakafuni, akanyoosha mikono yote miwili na daftari juu yake, akangoja.